TAHADHARI: Vidonge vya mchele mwekundu vya kolesteroli vina dawa ndani yake

Jihadharini na muuzaji anayewaambia wenye kolesteroli kwamba vidonge vya mchele mwekundu ni "chakula tu, havina dawa." Baba yangu mdogo alimwamini, akaishia kulazwa.

Mchele huo huchachushwa kwa kuvu, na katika kuchacha huko hutokea kitu kiitwacho monakolini K. Hicho ndicho kinachoshusha kolesteroli. Kikemia ni kilekile kinachoitwa lovastatini, mojawapo ya statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 kama dawa ya kuandikiwa na daktari. Kwa hiyo muuzaji hasemi uongo anapodai vidonge vinafanya kazi. Uongo uko kwenye "havina dawa."

Baba mdogo alikuwa ameachishwa statini kwa sababu ya maumivu ya misuli. Alimweleza muuzaji hivyo, akajibiwa kwamba vitu vya asili havina madhara hayo. Kumbe dawa aliyoikimbia ni ya ukoo uleule aliouziwa.

Wiki za kwanza hakuona shida. Kisha kifua kikambana, akaandikiwa klarithromaisini. Alipoulizwa anatumia dawa gani nyingine, akasema hakuna. (Nani humtajia daktari mchele?) Antibayotiki hiyo huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunjavunja lovastatini, hivyo lovastatini ikamrundikania mwilini. Siku ya nne mapaja yalimuuma hata akashindwa kuinuka kitini bila kushikwa, na mkojo ukawa mweusi kama chai iliyokolea. Misuli ilikuwa inavunjika, na mabaki yake yanapopita kwenye figo yanaweza kuziua.

Hospitalini waliuliza alikuwa anameza monakolini kiasi gani. Tukaigeuzageuza chupa: imeandikwa miligramu 600 za mchele, basi. Hilo halisemi chochote. Mwaka 2017 watafiti Marekani walipima chapa 28 za vidonge hivi; mbili hazikuwa na monakolini K hata kidogo, na kwa zilizobaki, yenye nyingi iliizidi yenye kidogo zaidi ya mara 60. Ulaya ililiona tatizo hilo, na mwaka 2022 ikaamuru kirutubisho cha aina hii kiwe na chini ya miligramu 3 za monakolini kwa siku.

Kama unavitaka, mwone daktari kwanza, akupime ini na aangalie dawa zako zote, hasa za fangasi, za VVU na statini nyingine. Mjamzito asivitumie. Kama umeshaanza na misuli inauma bila sababu, acha vidonge hivyo uende kupimwa. Mkojo ukiwa mweusi, nenda hospitali saa hiyohiyo, na chupa mkononi.

Nilipompigia muuzaji, alisema ule weusi ni "sumu inatoka," aongeze kidonge kimoja.