Kumwomba rafiki awe mpambe wako wa harusi: ana kwa ana au kwa ujumbe?

Wengi tunaamini jambo zito huombwa ana kwa ana. Kwa upambe, mimi naona ujumbe wa WhatsApp unamtendea rafiki haki zaidi.

Ukimkalisha mezani, chipsi zimeshafika, ukamwambia "nataka usimame nami", atajibu "bila shaka, kaka" kabla hajapiga hesabu. Hesabu huja usiku: suti, mchango, nauli ya Moshi, ruhusa kazini. "Ndiyo" ya aibu utaijua baadaye, fundi anasubiri vipimo na mwenzako kila wiki ni "nitapita kesho".

Ujumbe humpa muda wa kuongea na mkewe na mfuko wake. Ila uandike kamili, si "nina jambo tuongee", maana hilo litamnyima usingizi:

"Kaka, harusi ni Jumamosi ya pili ya Desemba, Moshi. Ningependa uwe mpambe wangu. Suti nitagharamia mimi, nauli na malazi juu yako. Kama mwaka huu umebana niambie tu, kiti chako cha mbele kiko palepale. Nijibu kufikia Jumapili ijayo."

(Kama harusi ni ya kanisani, muulize paroko kwanza. Kuna parokia zinazotaka msimamizi awe mwenye ndoa, na kumrudia mtu aliyekwisha kukubali ni aibu.)

Ana kwa ana kunashinda kwa rafiki mliyekua pamoja, ambaye kuisoma habari hii kwenye simu kungemuuma. Huyo mfuate kwake, mwambie yaleyale, kisha uage kabla hajajibu.