Holda ya simu kwa hadubini: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Picha ya slaidi iliyopigwa kwa simu huharibika kwa njia tatu. Kuna giza lenye umbo la hilali upande mmoja wa duara, kuna upande mmoja kuwa na ukungu wakati mwingine uko safi, na kuna picha nzima kutikisika. Maduka ya mtandaoni yanauza holda za kila aina, na zote huahidi kuondoa matatizo yote matatu. Kwangu mimi swali ni moja tu: je, holda hii inakuruhusu kusogeza simu mbele na nyuma juu ya lenzi ya jicho hadi upate umbali sahihi, kisha ikabaki palepale bila kulegea? Nguvu ya kubana simu na uzuri wa plastiki vinakuja baadaye.

Umbali una uzito huo kwa sababu mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho hukusanyika angani, juu kidogo ya kioo chake, katika kiduara kidogo sana. Ukitumia lenzi ya mafuta ya 100 yenye maandishi 1.25 pamoja na lenzi ya jicho ya 10X, kiduara hicho kina upana wa kama milimita 0.6 tu. Hapo ndipo mboni ya jicho lako hukaa unapoangalia, na hapo ndipo kamera ya simu inapotakiwa kukaa. Ikiwa juu mno au chini mno, giza linaingia kutoka pande zote na duara linasinyaa. Ikiwa imehamia pembeni, unapata hilali.

Kiduara hicho unaweza kukiona mwenyewe kabla hujatoa hela. Washa taa ya hadubini, ondoa slaidi, weka lenzi ya 10, kisha shika kipande cha karatasi nyembamba juu ya lenzi ya jicho. Inua karatasi polepole. Utaona doa la mwanga likipungua, likawa dogo na lenye ukingo mkali, halafu likaanza kupanuka tena. Simama pale lilipo dogo kabisa na upime kwa rula kutoka kwenye kioo. Lenzi za kawaida hutoa milimita 10 hivi, na zile zenye alama ya miwani hufika karibu 20. Kumbuka kwamba mlango wa kamera uko ndani ya simu, nyuma ya kioo chake, kwa hiyo kioo cha simu lazima kikae chini kidogo ya kipimo hicho. Ukipima milimita 10, mpira wa kulinda jicho pamoja na kava nene la simu vinaweza kumaliza nafasi yote. Kunja mpira, vua kava.

Kipimo cha pili ni unene wa lenzi ya jicho kwa nje. Kama huna kalipa, zungushia ukanda wa karatasi, weka alama, pima urefu, gawanya kwa 3.14. Ukanda wa milimita 100 unamaanisha kipenyo cha karibu milimita 32. Linganisha na kipimo kilichoandikwa kwenye tangazo la holda. Muuzaji asiyeandika kipimo hicho mpite.

Usiingie gharama ya simu mpya kwa ajili ya megapikseli. Chukua simu ya megapikseli 12 na lenzi ya jicho iliyoandikwa 10X/20. Duara linachukua takriban pikseli 2,400 kwa upana, na chini ya lenzi ya 100 duara hilo linaonyesha milimita 0.2 ya slaidi. Pikseli moja ni kama maikromita 0.08, wakati lenzi yenyewe haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko maikromita 0.27 hivi. Simu tayari inaona zaidi ya kile lenzi inachoweza kutoa. Ukungu unatoka kwingine.

Ya kwanza: holda yenye vitasa vitatu

Hii hubana lenzi ya jicho kwa taya zake, halafu ina vitasa vya kusogeza simu kushoto na kulia, juu na chini, na kuisogeza karibu au mbali na kioo. NexYZ ya Celestron ndiyo inayojulikana zaidi. Ilitengenezwa kwanza kwa watazama nyota lakini inafaa kwenye hadubini, na sasa kuna nyingine nyingi zisizo na jina zenye muundo huohuo. Kwa maabara au shule ambako simu hubadilika kila siku, leo ya mwalimu, kesho ya mwanafunzi, hii ndiyo ya kununua bila kusita, kwa sababu kila simu ina kamera mahali tofauti.

Udhaifu wake ni uzito. Holda na simu kwa pamoja huvuta lenzi ya jicho upande mmoja ndani ya mrija wake, na kamera ikiinama kidogo tu, nusu ya picha inapoteza fokasi. Kaza skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa mrija kama ipo. Kama haipo, zungusha mkanda mmoja wa karatasi nyembamba kwenye shina la lenzi ili isicheze. Kwenye hadubini za shule za jicho moja, zile ambazo mrija mzima hushuka unapotafuta fokasi, kuwa mwangalifu zaidi: uzito unaweza kuushusha mrija polepole hadi lenzi iguse slaidi. Kwa hadubini ya namna hiyo mimi ningeenda moja kwa moja kwenye chaguo linalofuata.

Ya pili: pete ya kutengeneza, iliyogundishwa kwenye kava

Naiweka juu ya bidhaa nyingi za dukani, na naiweka kwa moyo wote. Nunua kava gumu la bei ndogo la simu yako. Kata kipande cha bomba la PVC kinachoingia juu ya lenzi ya jicho kwa kubana kidogo. Likiwa pana, lijazie kwa ndani ukanda wa sponji ngumu ya kandambili. Urefu wa kipande unaupata kwenye kile kipimo cha karatasi: anza na kirefu, kisha piga msasa kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, hadi duara lifunguke lote. Msasa upigwe juu ya kioo cha dirisha au kigae, ili mdomo wa bomba uwe sawa kabisa. Mdomo uliopinda ni simu iliyoinama. Gundisha wakati simu iko ndani ya kava na skrini inaonyesha duara katikati, si kwa kukisia.

Ni nyepesi na haina kitasa cha kulegea. Ila inafaa simu moja na lenzi moja tu, basi.

Ya tatu: holda yenye lenzi yake ya jicho

Hapa unachomoa lenzi ya jicho ya hadubini na kuingiza mrija wa holda mahali pake. Mrija wa kawaida ni wa milimita 23.2, na nyingi huja na pete ya milimita 30. Hutulia vizuri, na zile zilizotengenezwa kwa modeli maalumu ya simu hutoa picha safi sana. Shida ni mbili. Ukibadilisha simu, holda inakuwa pambo. Pia baadhi ya hadubini za maabara zina lenzi za jicho zilizofungwa zisitoke, kwa hiyo hakikisha yako inachomoka kabla ya kuagiza.

Ya mwisho: kibanio cha plastiki chenye springi moja

Ni cha bei rahisi, na kiko kila mahali. Kinabana, lakini umbali hauwezi kurekebishwa na springi inaachia polepole. Kinafaa kutazama bawa la nzi chini ya lenzi ya 4. Kwa lenzi ya mafuta kiache.

Ukishapata holda, hebu tuipeleke kwenye slaidi ya malaria iliyotiwa rangi ya Giemsa, maana hapo ndipo kila kasoro huonekana. Sawazisha simu kwanza kwenye mwanga mtupu, bila slaidi, ukiwa na lenzi ya 10. Ondoa hilali kwa vitasa vya pembeni, kisha fungua duara kwa kitasa cha umbali. Weka slaidi, panda hadi lenzi ya 40, halafu ya mafuta, ukirekebisha kidogo kila hatua. Duara likiwa safi na mviringo, kuza mara 2 kwenye skrini. Weusi uliobaki nje ya duara si kosa. Ni ukingo wa lenzi ya jicho yenyewe, na kwa 10X/20 kukuza mara 2 kunautoa karibu wote.

Bonyeza skrini kwa muda hadi fokasi ijifunge. Kwenye iPhone utaona AE/AF LOCK. Kwenye simu zenye modi ya Pro, peleka fokasi ya mkono kwenye alama ya mlima, yaani mbali kabisa, kwa sababu mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho unafika kamera kana kwamba unatoka mbali. Kuanzia hapo noa picha kwa kitasa kidogo cha hadubini, si kwa simu. Zima pia kipengele cha kupiga vitu vya karibu, la sivyo simu itaruka kwenye kamera nyingine na picha itapotea ghafla.

Chembe nyekundu ya damu itachukua pikseli kama 90, na pete changa ya kimelea cha malaria cha falsiparamu kama 15. Slaidi ikitikisika nusu ya maikromita, hizo ni pikseli 6, na ile nukta ya zambarau kwenye pete imefutika. Kidole kinachobonyeza skrini huiyumbisha simu vivyo hivyo, kwa hiyo tumia taima ya sekunde 3 au kitufe cha sauti cha waya wa hedifoni. Kama sentrifuji iko meza ileile, subiri isimame. Piga video fupi, gonga meza mara moja, kisha itazame: picha ikiendelea kuyumba kwa zaidi ya sekunde moja, holda au mrija umelegea. Ukiona mistari ya giza ikipanda skrini, ni taa inayopepesa kwa umeme wa hezi 50. Weka kasi ya 1/50 au 1/100 na itatoweka.

Kabla ya kuirudisha holda dukani ukidai haifai, tazama ukungu uko wapi. Ukiwa upande mmoja tu, simu imeinama. Ukizunguka ukingo wote huku katikati pakiwa safi, hiyo ni tabia ya lenzi za kawaida zisizo na neno Plan, na hakuna holda itakayoiondoa. Ukitanda picha nzima, futa mafuta kwenye lenzi ya 40, ambayo mara nyingi hupakwa mtu anapozungusha kutoka kwenye lenzi ya 100, kisha futa kioo cha kamera ya simu na ujaribu tena.