Vitufe vitatu vya pembeni chini kwenye Excel: kipi kinakuonyesha ukweli wa karatasi?

Karibu tena. Leo sichambui programu nzima, nachambua kipande kidogo tu cha Excel. Tazama chini kabisa ya dirisha, upande wa kulia. Kuna vitufe vitatu vidogo, na pembeni yake kile kitelezi cha Zoom. Vitufe hivyo ni Normal, Page Layout na Page Break Preview, na vinapatikana pia juu kwenye View. Watu wengi hufanya kazi miaka na miaka bila kutoka Normal, halafu siku ya kuchapisha wanashangaa karatasi zinatoka wapi.

Mimi mwenyewe niliwahi kushangaa. Hebu tazama faili hili: orodha ya vifaa vya stoo, kolamu A mpaka H, mistari 118. Kolamu ya H ndiyo yenye jumla. Hapa kwenye Normal kila kitu kimekaa vizuri, si ndiyo? Kolamu zote nane zinaonekana, hakuna kilichojificha. Nilichapisha nikitarajia karatasi tatu, zikatoka sita. Karatasi ya nne, ya tano na ya sita zilikuwa na kolamu moja tu, ile ya jumla, imesimama peke yake kama mlingoti.

Kilichonidanganya ni Zoom. Nilikuwa nimeiweka 80% ili jedwali lienee kwenye kioo, nikajiambia limeenea. Sasa shika hili: Zoom ni ya macho yako tu. Ipeleke mpaka 10%, ipandishe mpaka 400%, karatasi haitabadilika hata milimita moja. Kinachobadilisha karatasi ni Scale, na hiyo inakaa kwingine kabisa, kwenye kichupo cha Page Layout. Ndiyo, jina lilelile la kile kitufe cha chini. Kichupo na mwonekano vimepewa jina moja, na hapo ndipo watu wanapopotezana kwenye maelekezo. Kwa hiyo leo nikisema kichupo, tazama juu. Nikisema kitufe, tazama chini.

Haya, nabonyeza Page Break Preview. Mnaona kioo kimejisogeza mbali? Kinafunguka kwa 60%, si kwamba umeharibu kitu. Kila ukurasa umeandikwa namba yake kwa kijivu nyuma ya data, na laini za buluu ndizo mipaka. Laini ya vipandevipande imewekwa na programu yenyewe. Laini iliyoshikana imewekwa na mtu. Na hii hapa, kati ya G na H, ndiyo iliyonigharimu karatasi tatu.

Hesabu yake ni nyepesi. A4 ina upana wa sentimita 21. Pambizo za kawaida hula karibu 1.8 kila upande, zinabaki kama 17.4. Jedwali langu lina upana wa 19. Haliingii. Sasa naikamata laini hii kwa kipanya, naiburuta kulia mpaka ipite H, naachia. Imepotea. Kurasa zimebaki tatu. Lakini usiondoke hapo, nenda kwenye kichupo cha Page Layout utazame Scale: ilikuwa 100%, sasa ni 91%. Kwa hiyo programu haikukupa nafasi mpya, imepunguza maandishi. Kwa 91% sina ugomvi. Ila nimeona mtu akiburuta laini mpaka kolamu ishirini zikaingia kwenye ukurasa mmoja, akachapisha, akaanza kutafuta miwani. Ukiona Scale imeshuka chini ya 70 hivi, mimi nakushauri uigeuze karatasi ilale, au upunguze upana wa kolamu.

Kuburuta kwenda ndani ni habari nyingine: hapo maandishi hayapungui, unakata ukurasa mapema tu. Kwenye 91% ukurasa wangu unabeba mistari 53, na kundi la pili la vifaa linaanzia mstari wa 46. Sitaki likatwe katikati, kwa hiyo naivuta laini ya mlalo juu mpaka chini ya 45. Inayofuata naiweka chini ya 96, linapoishia kundi hilo. Ukurasa wa kwanza mistari 45, wa pili 51, wa tatu 22. Bado tatu. Ukivuruga, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya seli yoyote, chagua Reset All Page Breaks, kisha hakikisha Scale imesimama unapotaka. Na tahadhari: ukienda kubana Width na Height zote mbili, tuseme 1 kwa 3, laini ulizoweka kwa mkono zinapuuzwa.

Kwa kazi hii Page Break Preview ndiyo namba moja kwangu. Upungufu wake ni kwamba haikuonyeshi pambizo wala maandishi ya juu na chini ya ukurasa. Hapo ndipo kitufe cha Page Layout kinapoingia. Kabla sijakibonyeza, tazama: mstari wa kwanza nimeugandisha kwa Freeze Panes, nikishuka chini vichwa vya kolamu vinabaki. Nabonyeza... umeona onyo? Linasema mwonekano huu haupatani na Freeze Panes, ukiendelea ugandishaji unaondolewa. Wengi hubonyeza OK bila kusoma. Na ukirudi Normal haurudi wenyewe, lazima ugandishe upya. Kwangu huu ndio udhaifu mkubwa wa kitufe hiki. Page Break Preview haina shida hiyo.

Lakini kuna kitu Page Layout imenionyesha ambacho nisingekiona. Shuka ukurasa wa pili: namba tupu! Hakuna vichwa vya kolamu. Freeze Panes ni ya kioo tu, kwenye karatasi haifiki. Dawa iko kwenye kichupo cha Page Layout, Print Titles, kwenye Rows to repeat at top andika:

```
$1:$1
```

Sasa vichwa vimetokea kila ukurasa. Ukurasa wa pili umekuwa na mistari 52, na nafasi ni 53, tumepona chupuchupu. Ndiyo maana unarudi kuhakiki baada ya kila badiliko.

Turudi kwenye Zoom kidogo. Ukishusha mpaka 75 au 60, kuna seli zitaonyesha ##### wakati kwenye 100% namba ilikuwa inasomeka. Herufi na kolamu hazipungui kwa uwiano uleule kwenye kioo, basi namba iliyobanwa inakosa nafasi. Kwa hiyo hukumu ya upana usiitoe kwenye 60%. Rudi 100%, kuna kitufe chake kwenye View, kisha bonyeza Ctrl+P utazame pale. Kolamu iliyojaa mpaka ukingoni ipanue kidogo, maana printa nayo ina vipimo vyake vya herufi. Zoom to Selection naitumia kwa jambo moja: nachagua A mpaka H, naibonyeza, jedwali linajaa kioo bila kubahatisha.

Mwisho, ukirudi Normal utakuta laini za nuktanukta kwenye seli. Si mipaka ya jedwali, hazichapishwi. Ni alama za kurasa, na ukifunga faili na kulifungua tena hazipo. Mimi huziacha, ikinitokea moja kati ya kolamu ya G na H, najua mapema.