Irente Viewpoint, Lushoto: tulivyokwenda na wifi anayeogopa kimo

Sisi wa Tanga mjini tukitaka baridi tunapanda Lushoto. Safari hii tulikuwa familia nzima, na wifi yangu anaogopa kimo. Akikaribia ukingo, magoti yanalegea na viganja vinalowa jasho.

Vijana walitaka twende kwenye madaraja ya juu ya miti kule Ziwa Manyara. Nikawakatalia. Njia ile ina urefu wa mita 370, mahali pengine iko mita 18 juu ya ardhi, na inayumba. Woga ukikushika katikati, waliokufuata wamekuzibia pa kurudi. Gari la nyaya la Mlima wa Meza, Cape Town, huchukua kama dakika 5 tu, lakini mlango ukifungwa hushuki mpaka ufike. Tena sakafu yake inazunguka, kwa hiyo huwezi kujibanza upande wa mlima. Kwa mtu kama wifi, nauliza kwanza kama ataweza kugeuka na kuondoka wakati wowote.

Pale Irente anaweza. Mwamba wenyewe unatisha: chini yako, karibu mita 1,000, ni tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge, na pale tuliposimama hapakuwa na uzio. Lakini nyuma ya mwamba kuna ardhi pana yenye nyasi na miti. Wifi alikaa chini, mgongo kwenye mti, hatua nyingi kutoka ukingoni, na bonde alikuwa analiona.

Kukaa kunasaidia kwa sababu mwili huegemea macho ili kujua umesimama sawa. Vitu vyote vikiwa mbali, macho hayana pa kushika na mwili unaanza kuyumba. Kitu kilicho karibu, shina au bega la mtu, kinaurudisha. Mtoto mmoja alianza kumvuta mkono, "Shangazi, njoo uone!" Nikamzuia. Anayevutwa hujikaza kurudi nyuma, na penye ukingo hiyo ni hatari kwa wote wawili. Baadaye wifi alisogea mwenyewe kidogo, akasema, "Hapa panatosha, wifi." Tukamwacha hapo hapo, picha ya pamoja tukapigia kwake.

Kilichomtesa zaidi ni barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33 za kona na makorongo. Mwambieni dereva mapema, mpeni mwoga kiti cha mbele au upande wa mlima. Kumbukeni kwamba wakati wa kushuka pande zinageuka, kwa hiyo abadilishe kiti.

Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni kama kilomita 5 au 6. Ukungu ukifunika, au mvua ikinyesha na mwamba ukateleza, msiende ukingoni hata nyie msioogopa. Kaeni Irente Farm, mle mkate wao na jibini, msubiri hali ya hewa itengemae.