Mimba changa ikiharibika: vidonge au kusafishwa?

Mimba ina wiki nane, ultrasaundi imeonyesha moyo wa mtoto umesimama, na daktari anakuuliza unataka njia gani.

Vidonge vya misoprostoli huanza kazi ndani ya saa chache. Tumbo hukaza kama uchungu, mabonge hutoka, kisha damu nyepesi yaweza kuendelea wiki mbili. Uko kwako, huingiziwi kifaa. Ila kwa baadhi ya wanawake mimba haitoki yote, na hapo hurudia dozi au husafishwa.

Kusafishwa kwa pampu ya mkono huchukua kama dakika kumi, kwa ganzi ya mlango wa kizazi, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuna hatari ndogo ya maambukizi au kizazi kujeruhiwa.

Anayeishi peke yake Kibosho juu, bila gari la usiku, ningemshauri asafishwe. Sababu ni kwamba ukiwa nyumbani na vidonge, pedi kubwa mbili zikilowa kila saa, kwa saa mbili mfululizo, lazima ufike hospitali haraka. Aliye Moshi mjini, na mama au dada wa kumwangalia, vidonge vinamfaa vizuri.

Ukiwa tayari na homa, uchafu wenye harufu au damu nyingi, usisubiri vidonge.