Nilipeleka zoezi la pembetatu kusahihishwa, Dodoma: uzoefu wangu

Mimi ni fundi ujenzi, naishi Nkuhungu. Binti yangu yuko kidato cha pili, na hesabu za pembetatu zilikuwa zinamtoa jasho. Jirani akanielekeza kwenye steshenari moja ambako unaacha zoezi lililofanywa, mwalimu anapita jioni kulisahihisha, na kesho yake unalichukua. Nimelipa shilingi 2,000 kwa zoezi la maswali 10. Nimeshapeleka mara tatu, na hili la pili ndilo lililonifanya niandike.

Zoezi lenyewe lilikuwa la kutafuta urefu wa pande za pembetatu zenye pembe mraba, pamoja na uwiano wa pembetatu zinazofanana. Maswali yako kwa Kiingereza, kama kawaida ya sekondari, ila mwalimu huyu anaandika maelezo ya pembeni kwa Kiswahili. Hilo peke yake kwangu lina thamani ya hela, maana hata mimi naweza kukaa na mtoto nikasoma alichoambiwa.

Swali la 6 lilikuwa hivi. Kuna pembetatu ABC, pembe mraba iko B. AB ni sentimita 12, BC ni 9. Juu ya AB kuna nukta D, ambapo AD ni 8. Kutoka D umechorwa mstari sambamba na BC, unakwenda kugonga AC kwenye nukta E. Mtoto atafute AC, kisha AE, kisha DE.

AC aliipata bila shida: 12 kwa 12 ni 144, 9 kwa 9 ni 81, jumla 225, kipeuo chake 15. Kwa AE alisema AD ni 8 na kipande kilichobaki, DB, ni 4, kwa hiyo 8/4 ni 2. Basi na AE ni mara mbili ya EC. Ukigawa 15 mafungu matatu, AE ni 10. Tiki, tiki. Kufika DE akaendelea na ile mbili yake: DE ni mara mbili ya BC, yaani 18.

Nakiri nilipolipitia nyumbani kabla ya kulipeleka sikuona kosa. Njia ilishampa jibu sahihi hatua moja nyuma, nani angeishuku?

Mwalimu hakukimbilia kuweka mkasi. Pembeni ya AE aliandika, "Sawa, lakini njia hii inaishia hapa." Chini ya 18 akaandika, "Mstari ulio ndani umekuwaje mrefu kuliko wa chini?" Halafu akachora upya. Alizitoa zile pembetatu mbili, akaiweka ADE peke yake kushoto na ABC peke yake kulia, zote zimesimama upande mmoja, pembe A imewekewa upinde mwekundu kote kuwili na D na B zimewekewa kile kimraba. Zilipotengana hivyo, binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, DB haipo."

Na kweli haipo. Kwenye pembetatu ndogo pande ni AD, DE na AE. Kwenye kubwa ni AB, BC na AC. DB ni kipande tu kilichobaki chini, si upande wa pembetatu yoyote kati ya hizo mbili. Uwiano wa 8 kwa 4 unafaa kulinganisha vipande na vipande, AD kwa DB na AE kwa EC, kwa sababu mstari sambamba unazikata pande zote mbili kwa uwiano mmoja. Lakini DE na BC si vipande vya mstari mmoja, ni pande nzima za pembetatu mbili tofauti, kwa hiyo lazima utumie pande nzima: 8/12 = DE/9. DE inakuwa 6.

Kilichonifurahisha zaidi ni mstari wa mwisho aliouandika, ambao sikuutegemea kwa hela ile:

8² + 6² = 64 + 36 = 100, na AE = 10. Imekubali.

Kwa kuwa DE ni sambamba na BC, pembe ya D nayo ni mraba, hivyo kanuni ya Paithagorasi lazima ikubali kwenye pembetatu ndogo pia. Ukiweka ile 18 unapata 64 + 324, yaani 388, na kipeuo chake hakifiki 20, wakati AE ilishapatikana kuwa 10. Kwa hiyo mtoto angeweza kulinasa kosa lake mwenyewe ndani ya dakika moja, bila mwalimu. Sasa hivi anafanya hivyo kila anapokutana na swali la aina hii.

Sasa lawama. Swali la 3 lilikuwa na pembetatu yenye pembe mraba, na pande mbili zinazokutana kwenye hiyo pembe zilikuwa 4 na 5. Utafute upande wa tatu. Binti yangu akaandika 3, na mwalimu akatiki! Mimi hapo nilishtuka, kwa sababu 3, 4, 5 ndiyo kazi yangu. Tunapoweka kona ya msingi tunapima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, halafu ulalo lazima usome 5. Ulalo ukizidi 5, kona imefunguka, ukipungua, imebana. Na ulalo, ule unaotazama kona, siku zote ndio mrefu kuliko wenzake. Hapa kona iko kati ya 4 na 5, halafu ulalo uwe 3? Kamba ingelegea chini.

Jibu ni kipeuo cha 16 + 25, yaani cha 41, kama 6.4 hivi. Mtoto aliona 4 na 5 akakamilisha kwa mazoea, na nadhani mwalimu naye macho yalimdanganya vilevile.

Nilirudi jioni nikamkuta. Nikamwambia, "Mwalimu, shikamoo, naomba tuliangalie hili la tatu." Aliitikia, akalitazama, akacheka, akasema, "Fundi, umenikamata." Alifuta tiki, akaandika hesabu yote na kumpunguzia mtoto alama mbili. Binti yangu hajanisamehe.

Kitu kingine: swali la 8 lilikuwa na pembetatu zinazofanana zisizo na pembe mraba, kwa hiyo ule uhakiki wa Paithagorasi haufanyi kazi hapo. Na hapo ndipo mtoto alihitaji zaidi kuchorewa, kwa sababu alioanisha upande wa ndogo na upande usio wake kwenye kubwa. Mwalimu aliweka mkasi na jibu sahihi tu, basi. Nilipouliza alisema karatasi zilikuwa nyingi siku ile. Tulikaa wenyewe mezani, tukazitenganisha kama alivyofanya kwenye la 6, tukaweka upinde mmoja kwenye pembe zilizo sawa na pinde mbili kwenye zingine, ndipo tukaona kila upande unatazama pembe ipi. Ilituchukua nusu saa.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ukipeleka, andika juu ya karatasi kwamba unataka yaliyokosewa yachorwe upya, na nenda Jumatatu au Jumanne; kuanzia Alhamisi meza inajaa na maelezo yanapungua. Jumapili hawafungui.