Viatu vya mtumba kwa picha, Dar hadi Kigoma: huo uzi wa pembeni umeshona nini?

Muuzaji yuko Dar es Salaam, anauza mtumba wa daraja la kwanza. Anatuma picha WhatsApp, unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi na unaupokea hapa Kigoma. Nimechukua kwake jozi tatu: viatu vya kahawia vya kufunga kamba, moka nyeusi na buti za kazi. Kwenye usafirishaji sina malalamiko: saizi zilikuwa sahihi na ngozi ilikuwa kama ilivyoonekana. Shida iko kwenye neno lake moja. Jozi zote tatu aliziandikia "imeshonwa kote, bosi", na bei akaipandisha kwa ajili ya neno hilo. Buti zimeshonwa kweli. Moka nazo zimeshonwa, ila kwa namna nyingine kabisa. Vile vya kahawia vina uzi mzuri kuzunguka kiatu kizima, na uzi huo haujashika soli hata kidogo.

Picha zake bado zipo kwenye simu, na nimezilinganisha na viatu vyenyewe mkononi. Yote matatu yalikuwa yanaonekana kabla ya kulipa.

Nianze na vya kahawia, maana ndivyo vinavyouzwa kwa wingi. Kiatu cha namna hii kina ukanda mwembamba wa ngozi au plastiki unaotokeza pale ngozi ya juu inapokutana na soli, na juu ya ukanda huo kuna mstari wa uzi. Kwenye kiatu kilichoshonwa kweli, ukanda una kazi mbili. Mshono wa kwanza, usiouona, unaukamata ukanda pamoja na ngozi ya juu na soli ya ndani. Mshono wa pili, unaouona, unatoboa ukanda na kutokea chini ya soli. Kwa hiyo soli ikiisha, fundi anakata mshono wa pili peke yake, anabandua soli kuukuu na kushona nyingine, na ngozi ya juu haiguswi. Ndiyo maana watu wanakilipia zaidi.

Kiwandani kuna njia ya mkato. Ukanda unapigwa uzi peke yake ukiwa bado mrefu kama mshipi, kisha unakatwa na kubandikwa kwa gundi. Uzi ni wa kweli, unaweza hata kuuvuta kwa kucha, lakini unaushona ukanda kwa ukanda. Chini yake, soli ya mpira inatoka kwenye kalibu ikiwa na alama za mishono zilizochongwa humo humo. Ukitazama juu kuna uzi na ukitazama chini kuna "uzi", basi unaridhika.

Dawa yake ni kuhesabu. Mashine ya kushona soli inafunga nyuzi mbili, ya juu na ya chini, katika tundu lile lile, kwa hiyo kila tundu la juu lina mwenzake chini. Omba picha mbili za upande wa nje wa kiatu, katikati ambapo mstari umenyooka, kila moja ikiwa na rula pembeni. Kwenye vya kahawia, ndani ya sentimita 5 juu kuna matundu 19, na chini kuna alama 13. Mshono mmoja hauwezi kuwa na hesabu mbili. Kwenye buti ni 15 juu na 15 chini. Usihesabu puani, kwa sababu kwenye kona mstari wa nje ni mrefu kuliko wa ndani na utajichanganya bure.

Kama hana rula, tazama rangi na uchakavu. Alama za kalibu zina rangi ya soli yenyewe, zote zinalingana kama meno ya zipu, na hakuna tundu ambalo uchafu umeingia. Uzi halisi chini ya kiatu kilichovaliwa hauwezi kubaki hivyo. Unaota manyoya, unameza vumbi, na puani, pale mguu unapokwaruza chini kila hatua, unakatika kwanza. Mstari uliokatika puani na kubaki mzima katikati ni ushahidi mzuri, hata kama muuzaji anauonea haya na kutaka kuuficha. Kwenye picha za vya kahawia, alama za puani zilikuwa zimefifia polepole pamoja na mpira, kama maandishi ya kifutio. Hapo ndipo ningeshtuka mapema.

Ila usiruke kwenye hukumu ukikuta chini hakuna uzi kabisa. Kuna viatu ambavyo ukanda umeshonwa kwenye soli ya kati, kisha mpira wa kukanyagia ukabandikwa chini yake. Ubavuni utaona tabaka tatu: ukanda, soli ya kati, mpira. Na soli nzuri za ngozi mara nyingi huchanwa mfereji pembeni, uzi ukalazwa humo na ngozi ikarudishwa juu yake. Kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni unaona mkwaruzo mwembamba tu, unaofuata ukingo wa soli pande zote.

Moka nyeusi ni za namna hiyo, na ndizo zilizonifundisha kuomba picha ya ndani. Hazina ukanda unaotokeza. Ngozi ya juu inaingia moja kwa moja chini na soli imekatwa karibu nayo. Mtu angesema ni gundi tupu. Lakini ukiinua kile kipande laini kinachokanyagwa na unyayo, ndani kuna mstari wa uzi unaozunguka soli ya ndani, umbali wa kidole kutoka ukingoni. Ni mshono mmoja uliopita soli ya ndani, ngozi na soli ya chini kwa pamoja. Kiatu cha hivi ni chepesi na kinakunjika vizuri. Udhaifu wake ni kwamba tundu la sindano linatoka chini hadi ndani, na maji hufuata uzi. Kwa ofisini hakina neno, kwa matope ya masika barabara za kupanda mtaa wa Mwanga hapa Kigoma sikishauri.

Picha ya ndani inathibitisha mshono wa moka tu. Kukosekana kwa uzi ndani hakukuambii kitu, kwa sababu kiatu cha ukanda wa kweli hakina uzi ndani, na cha gundi hakina pia. Hapo unarudi kwenye hesabu ya matundu, na kwenye picha moja nyingine ambayo muuzaji anaipiga kwa mikono miwili: kidole gumba kimoja kinasukuma ngozi ya juu kuelekea ndani, kingine kinavuta ukanda kuelekea nje, mwanga ukitoka pembeni. Kwenye buti mwanya uliofunguka unaonyesha vipande vya uzi mnene vimelala ndani, ndio ule mshono wa kwanza. Kwenye vya kahawia mwanya ulionyesha utando wa gundi ya manjano, unaovutika kama ubani wa kutafuna.

Kuhusu upigaji, flashi inaharibu kila kitu. Inajaza mwanga kwenye matundu na mifereji, na uzi unaonekana umelala juu ya soli kama uliochorwa. Kiatu kikae mlangoni asubuhi au jioni, simu iwe kama sentimita 20, na mwanga upite juu ya soli kutoka ubavuni. Soli ipigwe mswaki mkavu kwanza, lakini isioshwe na kupakwa rangi, maana kiwi nyeusi kwenye ukingo wa soli hufunika mstari wa gundi unaoachia. Halafu mwambie aitume kama dokumenti. WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida inaibana, na cha kwanza kupotea ni hayo matundu unayotaka kuhesabu.

Kitu kingine cha kutazama kwenye mtumba ni uzi uliowekwa baadaye na fundi. Unaujua kwa hatua zisizolingana, uzi wa nailoni mnene kuliko wa kiwanda, na fundo mahali unapoishia, mara nyingi ubavuni au karibu na kisigino. Wauzaji wanausifia kama nyongeza. Mimi nausoma kama taarifa kwamba soli ilishaachia. Kwenye soli ya mpira mzito ni kazi nzuri na inadumu. Kwenye soli nyepesi ya povu, matundu yale yanageuka kama yale ya kuchania stempu, na soli hupasuka kufuata mstari.

Povu lenyewe lina ugonjwa wake ambao mshono hauponyi. Soli za poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Siku unapokivaa, soli inamung'unyika kama keki. Kwa hiyo "haijavaliwa kabisa, kaka" siyo sifa kwa soli ya aina hiyo. Omba video fupi ya kiatu kikikunjwa: nyufa ndogo nyingi kwenye mkunjo, au unga kwenye kidole, basi achana nacho. Buti nyingi za kazi zina duara dogo lililochongwa chini ya soli, lenye tarakimu za miezi na mshale, pamoja na mwaka. Hiyo ndiyo tarehe ya kutengenezwa. Ya buti zangu iliniondoa wasiwasi, na mpira wake ni mzito.

Sandali anazo pia, ila sijanunua, kwa sababu picha zake zote ni za juu. Sandali ya ngozi inasomwa ubavuni, pale mikanda inapoingia kati ya tabaka mbili. Mkanda ukiwa umeingia na kubandikwa tu, kuna mwanya mdogo kila upande wake, na ndipo utakapochomoka. Ukiwa umeshikwa na mshono, matundu yanapita juu ya mkanda bila kukatika na yanaonekana hadi chini. Katambuga za sokoni hazina fumbo hilo: kashata za tairi chini, vichwa vya misumari ubavuni, kila kitu kiko wazi.

Alama ninazompa ni tatu kwa tano. Vya kahawia, kwa shilingi 45,000, ni kiatu kizuri cha gundi kilichouzwa kwa bei ya kilichoshonwa. Kwa 25,000 nisingeandika neno. Nilipomtumia zile hesabu, 19 na 13, alijibu kwamba "uzi si upo?" Upo kweli. Tangu hapo, kiatu akikisifia kuwa kimeshonwa namwomba picha mbili zenye rula. Za soli nyingi anatuma ndani ya dakika chache. Nyingine anasema tayari zimeshauzwa.